Mkataba wa Usuluhishi wa Mgogoro wa Mpaka

Mkataba huu umefanyika Malindi leo, 14 Machi 2025, baina ya Bi. Fatma Athman Shee, mwenye kiwanja nambari 412 kilichoko Shela, Malindi, na jirani yake Bw. Kazungu Charo Karisa, mwenye kiwanja nambari 413, mbele ya msuluhishi, Bi. Mwanaisha Bakari.

1. Pande zote zinakubali ripoti ya Msajili wa Ardhi, aliyefika uwanjani pamoja na mpimaji na kuamua mpaka chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Mpaka ni mstari ulionyooka kutoka bikoni ya barabarani hadi bikoni ya kisimani, mita 18.4. Ukuta wa Bw. Kazungu umeingia kiwanja nambari 412 kwa sentimita 60 katika urefu huo wote. Ripoti na ramani zimeambatishwa na ni sehemu ya mkataba huu. Vipimo vimeandikwa kwa tarakimu kwa makusudi, kwani maneno "hapo karibu na mwarobaini" ndiyo yaliyozaa ugomvi wa miaka sita.

2. Bw. Kazungu ataubomoa ukuta huo na kuondoa kifusi chote kwa gharama zake kabla ya saa kumi na moja jioni ya 30 Aprili 2025. Akijenga upya, ukuta wote, pamoja na msingi wake, utakuwa ndani ya kiwanja nambari 413.

3. Mwarobaini uliopandwa na marehemu mama yake Bi. Fatma, ambao shina lake limekaa juu ya mpaka, hautakatwa wala kuchomwa mizizi na upande wowote. Ukuta mpya utakoma mita 1.2 kila upande wa shina, na pengo hilo litazibwa kwa wavu wa waya. Majani yanayoanguka hayatakuwa sababu ya madai.

4. Bi. Fatma anaacha madai yake yote ya fidia kwa muda ambao ardhi yake ilikaliwa. Anaacha kwa hiari, baada ya kuelezwa haki yake.

5. Ikiwa Bw. Kazungu hatatimiza kipengele cha 2, Bi. Fatma, baada ya kumpa notisi ya maandishi ya siku 7, anaweza kuajiri fundi kubomoa ukuta na kuondoa kifusi, na gharama zilizothibitishwa kwa stakabadhi zitadaiwa kama deni la hukumu.

6. Pande zote zinaridhia mkataba huu usajiliwe na kutekelezwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi kwa mujibu wa kifungu cha 59D cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai. Utawafunga pia warithi na watakaonunua viwanja hivi. Kila upande utabeba gharama zake.

Mkataba umesomwa kwa sauti, kipengele kwa kipengele, na kutiwa saini na:

Fatma Athman Shee
Kazungu Charo Karisa
Mwanaisha Bakari, msuluhishi