Ishirini na Kumi

Saa moja na dakika kumi jioni nilichomeka flashi kwenye kompyuta ya maabara, nikabofya tasnifu yangu, na badala ya ukurasa wa jina ukaja mstari huu:

```
We can't open tasnifu_mwisho.docx because we found a problem with its contents.
```

Nikabofya tena. Nikachomoa flashi, nikaipuliza, nikaichomeka upande wa pili. Maneno yaleyale. Mwisho wa kupokea tasnifu ulikuwa saa sita usiku, na mfumo hujifunga wenyewe. Hauna mtu wa kumbembeleza.

Kompyuta niliyoandikia ilikuwa ya kuazima. Mchana ule mwenyewe alikuja kuichukua akiwa na haraka ya safari, nami sikutaka kumwachia tasnifu yangu, kwa hiyo sikunakili faili bali nililihamisha. Mstari wa kijani ulipofika mwisho nikavuta flashi. Sikujua kwamba mstari ule ukijaa, data nyingine inaweza kuwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri kuandikwa. Ndiyo maana kuna kile kitufe cha kutoa flashi kwa usalama, ambacho miaka yote nilikiona kama pambo.

Nakala nzima pekee niliyokuwa nayo ni ile niliyomtumia msimamizi wangu kwa barua pepe siku tisa kabla. Ilikuwa na sura nne. Sura ya tano, kurasa 31, haikuwapo popote duniani ila ndani ya faili lile lililogoma kufunguka.

Tasnifu yangu inahusu watoto wanavyojifunza kuhesabu. Nilikaa na watoto 64, mmoja mmoja, nikiwasikiliza wanavyopanda kutoka moja. Wengi huenda vizuri mpaka ishirini na tisa. Hapo husimama, huangalia dari, kisha wengine husema kwa uhakika kabisa: "Ishirini na kumi!" Sura ya tano ilikuwa inaeleza kwa nini hilo si kosa la uzembe. Mtoto anayesema ishirini na kumi ameielewa kanuni, ila hajaambiwa inapokomea. Kuna mtoto mmoja alifika ishirini na kumi na tano bila kuyumba. Nilikuwa nimewaandika kwa upendo watoto wale, na sasa sikuwa na hata sentensi moja yao.

Nilikuwa nakaribia kubofya kitufe cha kurekebisha nilipomsikia fundi wa maabara nyuma yangu.

"Dada, usiguse. Toa mkono kwenye kipanya."

Nikautoa.

"Umeshajaribu kuhifadhi chochote juu yake?"

"Hapana, kaka. Nimelifungua tu, mara nyingi."

"Basi bado tuna bahati."

Kitu cha kwanza alichofanya ni kunakili faili lile bovu kwenye diski ya kompyuta, kisha akanirudishia flashi na kuniambia niiweke mfukoni. Kazi yote ingefanyika kwenye nakala. Halafu akauliza tasnifu yangu ilikuwa na ukubwa gani. Nilikumbuka, kwa sababu barua pepe iliwahi kunisumbua: karibu MB 14. Akaonyesha kwa kidole. Hili lilikuwa na MB 5.

"Halijaoza. Limekatika. Sehemu kubwa ya nyuma haikufika."

Akanieleza huku akiandika, bila kugeuka. Faili la docx kwa ndani ni kifurushi cha zip. Humo kuna mafaili madogomadogo: maneno yako yako kwenye `word/document.xml`, picha kwenye `word/media`, mitindo ya vichwa vya habari mahali pengine. Orodha ya vilivyomo huandikwa mwishoni kabisa mwa kifurushi. Mwisho ukikatika, programu haioni orodha na inasema hakuna kitu, hata kama vitu vyenyewe vimo. Na maneno, akasema, kwa kawaida hukaa mbele, kabla ya picha.

Aliposema hivyo nikavuta kiti nikakaa.

```
zip -FF bovu.docx --out okoa.docx
```

Programu ikauliza kama kifurushi ni cha diski moja. Akajibu `y`. Mistari ikaanza kushuka, nami nikawa naisoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo. Kwenye mmoja kulikuwa na `word/document.xml`. Chini yake picha chache, kisha kimya.

"Niambie maneno yaliyo kwenye sura ya tano tu, ambayo huwezi kuyakuta kwingine."

Sikuhitaji kufikiri. "Ishirini na kumi."

```
unzip okoa.docx word/document.xml word/_rels/document.xml.rels
grep -o "ishirini na kumi" word/document.xml | wc -l
```

Kioo kikajibu: 17.

Nililia. Fundi akasogeza kiti chake pembeni, akaniacha nimalize, na kwa hilo bado namshukuru.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Maneno tulikuwa nayo, lakini yalikuwa uchi: hayana vichwa, hayana mitindo, picha nyingi hazipo. Akachukua ile nakala ya zamani ya siku tisa, yenye mitindo na michoro yake, akaweka ndani yake maneno yaliyookolewa:

```
zip rasimu4.docx word/document.xml word/_rels/document.xml.rels
```

Akalifungua kwa LibreOffice, ambayo alisema ina uvumilivu zaidi kwa mafaili yenye majeraha. Likafunguka. Sura tano. Ukurasa wa shukrani, jina la mama, kila kitu.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Michoro miwili ilikuwa imebadilishana nafasi, nikairudisha. Majedwali yalikuwa yamepanuka hadi nje ya ukurasa. Nikayabana moja baada ya jingine. Nafasi za michoro mitatu mipya ya sura ya tano zilikuwa fremu tupu. Miwili niliichora upya kutokana na majedwali yaliyokuwamo humohumo. Wa tatu, Mchoro 5.3, ulihitaji data ya kila mtoto, na data ile ilikuwa imesafiri pamoja na kompyuta ya watu. Nilimpigia mwenye nayo mara nne. Simu haikupatikana.

Saa tano na nusu nikampigia msimamizi.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kwa usiku huu. Nimepoteza mchoro mmoja."

"Marahaba. Maelezo yake yapo?"

"Yapo, mwalimu."

"Andika wazi pale kwamba mchoro haupo na kwa nini. Usijaze pengo kwa kitu cha kubuni. Kisha tuma."

Nikaandika mistari mitatu ndani ya fremu. Nikageuza kuwa PDF, nikaipitia kurasa zote, nikatuma. Risiti ya mfumo ilisomeka 23:47. Fundi alikuwa amezima taa zote isipokuwa iliyokuwa juu yangu, akanisubiri mlangoni na funguo.

Siku ya utetezi, mtahini wa nje alifungua ukurasa ule moja kwa moja. Akauliza Mchoro 5.3 ulikuwa unaonyesha nini. Nilikuwa na picha yake tayari kwenye kompyuta, maana mwenye kompyuta alisharudi na kunipa data. Lakini niliomba kalamu. Nikaenda ubaoni, nikachora mstari unaopanda taratibu kutoka moja, ukiporomoka ghafla kwenye thelathini, ukiinuka, ukiporomoka kidogo zaidi kwenye arobaini, ukiinuka tena. Juu ya lile bonde la kwanza nikaandika walichosema watoto.

Mtahini akalisoma kwa sauti, polepole, kisha akaniambia niendelee.