Faharasa ya Maneno Yaliyotafsiriwa: Sheria ya Upangishaji wa Nyumba (kutoka picha tisa za kurasa zake)

Jinsi ya kusoma rejea: k. ni kifungu, uk. ni namba iliyochapwa kwenye ukurasa, si namba ya picha. Mistari inahesabiwa kuanzia mstari wa kwanza wa matini. Kichwa cha ukurasa na maelezo ya pembeni hayahesabiwi. Picha 3 na 4 ni za uk. 5, kwenye picha 3 kidole kimefunika mistari mitatu, hivyo tumetumia picha 4. Uk. 8 haukupigwa: picha 6 ni uk. 7, picha 7 ni uk. 9.

amana: fedha ambayo mpangaji anamkabidhi mpangishaji kabla ya kuingia, ili kufidia uharibifu au kodi isiyolipwa. k. 12(1), uk. 7, picha 6, mstari 4. Tafsiri hii inafunguliwa kwa maneno "Katika Sehemu hii", kwa hiyo inaishia Sehemu ya III. Neno linarudi k. 21 (uk. 10, picha 8) bila tafsiri, usilibebeshe maana ya k. 12.

Baraza: Baraza lililoanzishwa chini ya k. 15. k. 3, uk. 4, picha 2, mstari 9. Kifungu cha 15 kimo uk. 8, kwa hiyo muundo wake haujulikani kwa picha hizi. Kwa herufi ndogo, "baraza" la k. 6 ni kibaraza cha nyumba.

jengo: *inajumuisha* ua, ngazi na maegesho. k. 3, uk. 4, picha 2, mstari 14. Haisemi "maana yake ni", hivyo orodha haijafungwa.

kodi: malipo ya kutumia jengo, bila maji na umeme. k. 3, uk. 4, picha 2, mstari 18.

mpangaji: anayekaa kwenye jengo kwa mkataba, pamoja na mpangaji mdogo. k. 3, uk. 5, picha 4, mstari 1. Sentensi inaanzia mstari wa mwisho wa uk. 4, ukisoma picha moja tu utapata nusu.

mpangishaji: mwenye haki ya kupokea kodi, au wakala wake. k. 3, uk. 5, picha 4, mstari 5.

notisi: (a) taarifa ya maandishi, k. 3, uk. 5, picha 4, mstari 8. (b) kwa kuvunja mkataba, taarifa ya maandishi ya siku zisizopungua 30, k. 18(4), uk. 9, picha 7, mstari 11. Programu ya kusoma maandishi kwenye picha ilisoma "80" kwa sababu ya kivuli cha mkunjo. "Thelathini" kwa maneno, mstari uleule, ndiyo iliyoamua.

siku ya kazi: siku isiyo Jumamosi, Jumapili wala sikukuu ya umma. k. 3, uk. 5, picha 4, mstari 12.

Yametumika bila tafsiri: mkaguzi (k. 19, uk. 9), ukarabati mkubwa (k. 22, uk. 11). Yaangaliwe tena uk. 8 ukipigwa.