Umegonga 27, chalii wangu

Oya chalii, niaje! Leo umegonga 27, heri ya kuzaliwa mwanangu sana. Jumamosi usipange mchongo mwingine: saa 12 jioni, Kwa Mrombo. Wana tumeshachanga, buku kumi kila mtu, tuko watano. Mbuzi kilo mbili, ndizi za kuchoma kumi, kachumbari yenye pilipili kali kama unavyoipenda. Oda naiweka saa 11 kamili, maana nyama ikiharakishwa inaungua nje, ndani mbichi, msosi wote unaharibika. Kwa hiyo usizingue, toka gereji saa 11 na nusu, daladala za jioni zinajaa noma. Na wewe hutoi hata jero. Kazi yako kula tu.

Ukitaka kumsomea mama, anzia hapa.

Ndugu yangu, mwaka huu umebeba mengi. Wiki zote tatu mama alipokuwa amelazwa, ulimpelekea uji kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na sikukusikia ukilalamika hata siku moja. Nimeliona hilo, na ninakuheshimu sana. Mungu akuzidishie afya, abariki kazi ya mikono yako, na amrudishie mama nguvu zake zote.

Mfikishie shikamoo yangu. Jumapili baada ya ibada nitapita kumjulia hali, nitamletea parachichi za kutoka nyumbani Tengeru.