Barua ya kujitokeza kwa hiari: mapato ya kazi za kujitegemea, 2020 hadi 2024

Zulekha Khamis Omar,
Shehia ya Mpendae,
Wilaya ya Mjini, Unguja.

17 Februari 2025

Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA),
Kupitia Ofisi ya Zanzibar.

Ndugu,

YAH: KUTOA TAARIFA KWA HIARI YA MAPATO AMBAYO HAYAJALIPIWA KODI NA KUOMBA KUSAJILIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mzanzibari mkaazi, mzaliwa wa Wete, Pemba. Tangu Juni 2020 naishi kwa kazi ya dizaini ninayoifanya peke yangu nyumbani: menyu na mabango ya mahoteli, vipeperushi vya taasisi, lebo za sabuni na viungo, na kurasa za tovuti. Sina mwajiri wala mfanyakazi, na sina jina la biashara lililosajiliwa. Kwa muda wote huo sikuwa na namba ya mlipakodi (TIN), sikuwasilisha ritani yoyote na sikulipa kodi ya mapato, ukiacha kiasi kidogo kilichozuiwa na wateja wawili nitakachokieleza chini.

Naandika kabla ya kupokea barua, hati ya madai au taarifa ya ukaguzi kutoka kwenu au Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Nisifiche pia sababu iliyonileta sasa. Mteja mpya ananitaka niwe na TIN kabla ya kutia saini mkataba wa mwaka mzima. Ningeweza kujisajili kama mtu anayeanza biashara leo na kunyamaza kuhusu miaka ya nyuma. Sikutaka TIN yangu ianze kwa maelezo yasiyo kweli, na ndiyo maana ombi la usajili na taarifa hii yanakuja kwa pamoja.

Mapato na gharama

Hesabu zote ni kwa shilingi za Tanzania, kuanzia Januari hadi Disemba, isipokuwa 2020 inayoanza Juni.

| Mwaka | Mapato ghafi | Gharama za kazi | Baki |
|---|---|---|---|
| 2020 | 3,850,000 | 1,420,000 | 2,430,000 |
| 2021 | 7,640,000 | 2,310,000 | 5,330,000 |
| 2022 | 11,275,000 | 3,480,000 | 7,795,000 |
| 2023 | 14,920,000 | 4,165,000 | 10,755,000 |
| 2024 | 16,430,000 | 4,790,000 | 11,640,000 |
| Jumla | 54,115,000 | 16,165,000 | 37,950,000 |

Nimetenganisha mauzo na gharama kwa makusudi. Kama ofisi itaona kazi yangu inaingia kwenye kodi ya makadirio inayotozwa kwa mauzo, safu ya kwanza inatosha. Kama itahesabiwa kuwa huduma ya kitaalamu inayotozwa kodi kwa faida, basi safu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Uamuzi huo nauacha kwenu chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, na nitaufuata.

Mapato ya nje yamo ndani ya jedwali. Wapo wateja wa Ulaya walionilipa kwa yuro na dola: sh. 4,860,000 mwaka 2023 na sh. 6,215,000 mwaka 2024. Nimezibadilisha kwa kiwango cha siku fedha ilipoingia benki. Sikuziweka pembeni kwa hoja kwamba mlipaji yuko nje, maana kazi nimeifanyia Mpendae na mimi ni mkaazi wa hapa.

Mwaka 2020 ndio wenye ushahidi dhaifu. Wateja wa mwanzo walinilipa taslimu, mahoteli mengi yalikuwa yamesimama kwa sababu ya UVIKO, na ankara nilikuwa naandika kwenye daftari. Daftari ninalo. Kurasa zake zinaonyesha malipo ya sh. 3,410,000. Nimeongeza sh. 440,000 kwa kazi mbili ninazozikumbuka ambazo sikuziandika, kwa bei niliyowatoza wateja wengine mwaka ule kwa kazi za aina hiyo. Naomba mwaka huo upokelewe kama makisio, na miaka minne inayofuata kama hesabu kamili yenye ankara na taarifa za benki.

Fedha zilizoingia kwenye akaunti ambazo si mapato

Ofisa atakayelinganisha jedwali na taarifa za akaunti yangu ya PBZ na Ezypesa ataona hazifanani, hasa mwaka 2023. Nieleze mapema ili asione kuna kilichofichwa.

Mwaka huo ziliingia jumla ya sh. 17,980,000. Ndani yake kuna sh. 3,000,000 za kibati, zilizoingia mwezi Mei ilipofika zamu yangu. Michango yangu ya kila mwezi inaonekana ikitoka kwenye akaunti hiyo hiyo. Kuna pia sh. 1,650,000 zilizotumwa na ndugu zangu kwa matibabu ya baba yetu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye hospitali. Ukiondoa hizo zinabaki sh. 13,330,000 za kazi. Nimeongeza sh. 1,470,000 nilizolipwa mkononi bila kupita benki, na sh. 120,000 zilizozuiwa na mteja kabla ya kunilipa. Hapo ndipo inapatikana sh. 14,920,000. Miaka mingine nimeifanyia ulinganisho wa namna hii katika kiambatanisho cha tatu, lakini tofauti zake ni ndogo na nyingi ni fedha nilizojihamishia mwenyewe kutoka simu kwenda benki.

Gharama

Nimedai zile tu zilizohusu kazi: intaneti, programu za dizaini zinazolipiwa kwa mwezi, kuchapisha sampuli, daladala na gari za kwenda Nungwi na Paje kwa wateja, na nauli za boti ninapofuata kazi Pemba. Safari za Wete za sikukuu sikuziingiza, hata zile ambazo nilikutana na mteja huko huko. Umeme wa Tukuza nimedai theluthi moja kwa sababu chumba cha kazi ni kimoja kati ya vitatu, na kwa kodi ya nyumba nimetumia kipimo hicho hicho.

Kompyuta nilinunua Februari 2022 kwa sh. 2,560,000. Sikuiondoa yote kwa mara moja. Nimetumia uchakavu wa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, yaani sh. 960,000 mwaka 2022, sh. 600,000 mwaka 2023 na sh. 375,000 mwaka 2024. Ile ya zamani niliyoanzia kazi nilipewa na kaka yangu, sikudai chochote kwayo.

Kodi ya zuio

Wateja wawili walinikata asilimia 5. Hoteli moja ya Paje ilinilipa sh. 2,280,000 mwaka 2023 kwa ankara ya sh. 2,400,000, na taasisi moja isiyo ya kiserikali ya Chake Chake ilinilipa sh. 1,710,000 mwaka 2024 kwa ankara ya sh. 1,800,000. Jumla iliyokatwa ni sh. 210,000. Kwa kuwa sikuwa na TIN, hakuna aliyenipa hati ya kodi ya zuio. Nilichonacho ni hati za malipo zinazoonyesha makato. Kwenye jedwali nimeweka ankara kamili, si nilichopokea. Naomba ofisi ithibitishe kama fedha hizo ziliwasilishwa kwenu na, zikionekana, zipunguzwe kwenye kodi ya mwaka husika. Zisipoonekana nitawafuata wateja wenyewe, ila nisingependa suala hili la sh. 210,000 licheleweshe mengine yote.

Ninachoomba

Kwanza, nipatiwe TIN ya biashara yenye tarehe halisi ya kuanza kazi, Juni 2020, na nielekezwe namna ya kuwasilisha ritani za 2020 hadi 2023 zilizochelewa. Ya 2024 bado ina muda hadi 30 Juni mwaka huu, lakini niko tayari kuiwasilisha pamoja na hizo. Makadirio ya 2025 nitayaleta kabla ya 31 Machi.

Pili, kuhusu riba na adhabu. Kodi yenyewe nitalipa yote, na riba siikatai, kwa sababu fedha ilikaa kwangu wakati ilipaswa kuwa Serikalini. Ombi langu ni juu ya adhabu za kutojisajili na za kuchelewesha ritani, ambazo kwa miaka minne zinaweza kuizidi kodi ya miaka miwili ya mwanzo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura 438, inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kusamehe riba au adhabu palipo na sababu ya msingi. Sababu ninayoitoa ni kwamba nimekuja mwenyewe, nimeleta mapato ambayo hayamo kwenye benki yoyote, na sijaomba kupunguziwa kodi.

Tatu, nikubaliwe kulipa kwa awamu. Nimeshatenga sh. 2,000,000 na nitazilipa siku nitakapopewa namba ya kumbukumbu ya malipo, hata kama tathmini haijakamilika. Baki ninapendekeza kulipa sh. 450,000 kila mwezi, isipokuwa Aprili na Mei, miezi ambayo mahoteli yanafunga kwa masika na kazi zangu hupungua sana. Kwa miezi hiyo naomba iwe sh. 200,000. Nimependekeza kiwango ninachokimudu ili nisije nikaahidi kikubwa halafu mwezi wa tatu nikashindwa. Nikikiuka, makubaliano yafutwe na deni lote lidaiwe kwa pamoja.

Upande wa ZRA nimepeleka nakala ya barua hii. Mauzo yangu hayajafikia kiwango cha kusajiliwa VAT, ila nataka kujua iwapo natakiwa kutoa risiti za kielektroniki kuanzia sasa. Mpaka nitakapoelekezwa, nitaendelea kutoa ankara zenye namba zinazofuatana na kuhifadhi nakala zake.

Naweza kufika ofisini siku yoyote ya kazi nikiwa na daftari, ankara na kompyuta yenyewe. Ramadhani inakaribia, na kama kikao kitaangukia humo naomba kiwe asubuhi. Ofisa akitaka kuzungumza na mteja yeyote aliyemo kwenye orodha, sina pingamizi. Ningeomba tu nijulishwe kwanza, kwa kuwa baadhi yao wananiletea kazi hadi leo.

Nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli na kamili kwa kadiri ya kumbukumbu na nyaraka nilizonazo. Nikigundua malipo mengine nitayaleta kwa maandishi ndani ya siku 14.

Ahsante.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Zulekha Khamis Omar
(saini)

Viambatanisho: (1) nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na barua ya Sheha, (2) orodha ya ankara na wateja kwa mwaka, pamoja na nakala za daftari la 2020, (3) taarifa za PBZ na Ezypesa na ulinganisho wake, (4) risiti za gharama na ya kununulia kompyuta, (5) hati za malipo zenye makato ya asilimia 5.

Nakala: Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA).