Sura ya Nne: Matokeo. Nani hubeba hasara ya omena?

4.1 Mpangilio wa matokeo

Sura hii inatoa matokeo ya mahojiano na wanawake 16 wanaonunua omena mbichi kwa wavuvi, kuianika na kuiuza. Wote wanafanya kazi katika fuo mbili za Kaunti ya Kisumu. Kutokana na mambo yanayosemwa katika 4.2, fuo hizo hazitajwi kwa majina. Ufuo A uko karibu na mji na Ufuo B uko mbali na lami. Washiriki M01 hadi M09 ni wa Ufuo A, na M10 hadi M16 ni wa Ufuo B. Kila dondoo linafuatwa na namba ya mshiriki, ufuo wake na msimbo uliowekewa maneno hayo. Herufi D inaonyesha kwamba mshiriki alizungumza Dholuo na maneno yake yakafasiriwa. Nukta tatu zinaonyesha mahali palipokatwa.

Mada nne zimepangwa kwa kufuata safari ya omena yenyewe, kutoka kwenye boti hadi mchangani, kisha sokoni, na mwisho kwenye deni linalobaki baada ya omena kuuzwa au kumwagwa. Kama ningefuata wingi wa maneno, mvua ingetangulia, kwa kuwa kila mshiriki aliizungumzia na wengi waliirudia bila kuulizwa. Lakini mahojiano yalifanyika mwishoni mwa 2023, mvua za El Nino zikinyesha, na si ajabu kwamba mvua ilijaa midomoni. Kuna sababu nzito zaidi. Nilipozisoma nakala za mahojiano kwa mfululizo, niliona kwamba mvua huleta hasara, ila suala la nani ataibeba linakuwa limeshaamuliwa alfajiri kando ya boti.

| Mada | Misimbo | Washiriki walioigusia |
|---|---|---|
| Kupata omena kwenye boti | mwezi, kulipa-mapema, jaboya | 13 |
| Mvua ikiikuta omena chini | mvua-ghafla, omena-ya-kuku, mahali-pa-kuanika | 16 |
| Kipimo cha kununua, kipimo cha kuuza | kipimo, broka | 6 |
| Deni linalobaki | zamu-ya-chama, deni-kwa-deni, hasara-ni-yako | 12 |

4.2 Kupata omena kwenye boti

Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi hupunguza mavuno. Washiriki walihesabu mwezi wao wa kazi kwa majuma ya giza na majuma ya mwanga. Katika majuma ya giza omena ni nyingi na bei inashuka. Katika majuma ya mwanga ushindani ni mkali, na hapo ndipo uhusiano kati ya mchuuzi na mwenye boti unapopimwa.

> "Mwezi ukiwa mkubwa hakuna kitu. Boti zinarudi na besheni mbili, tatu, na sisi tumesimama hapa wanawake ishirini. Sasa atampa nani? Atampa yule anamjua." [M03-A, mwezi]

Njia iliyotajwa zaidi ya kuwa "yule anamjua" ni kutoa pesa kabla boti haijaingia majini. Mchuuzi hulipia mafuta, betri ya taa au chakula cha vijana wa boti, kisha asubuhi anahudumiwa kwanza.

> "Namtumia pesa ya mafuta jioni kwa M-Pesa. Asubuhi akirudi, omena ni yangu kwanza. Asiporudi na kitu, hiyo pesa inangoja safari nyingine. Sasa nitamwambia arudishe? Kesho nitamhitaji." [M12-B, kulipa-mapema]

Hapa mchuuzi anagharamia safari lakini hana fungu katika mavuno. Alichonunua ni nafasi ya mbele kwenye foleni, na bei ya omena bado ataambiwa asubuhi. M06-A alikuwa na jina lake la mpango huu, "kununua kivuli", nami nimeliacha kama lilivyo kwa sababu linaeleza vizuri kuliko msimbo wangu.

Jaboya, yaani kuhusiana kimapenzi na mvuvi ili kupata samaki, ilitajwa na washiriki tisa. Hakuna aliyeizungumzia kama jambo lake mwenyewe, na sikuuliza. Katika ripoti hii haikupewa mada yake. Sababu ni dondoo lifuatalo, ambalo limewekewa misimbo miwili kwa pamoja:

> "Watu wakija hapa kutuuliza, wanauliza jaboya tu. Iko, sikatai. Lakini wewe niulize ile nyavu ya huyo kijana ilinunuliwa na nani. Ni mimi nilinunua ... Na bado nikifika asubuhi lazima nimchekee." [M14-B, D, jaboya, kulipa-mapema]

M14-B anaziweka pesa, nyavu na kicheko kwenye mizani moja, kama bei ya kitu kile kile. Kuitenga jaboya peke yake kungevunja hesabu ambayo yeye mwenyewe ameiunganisha.

4.3 Mvua ikiikuta omena chini

Omena ikitoka kwenye boti huoshwa na kutandazwa juu ya nyavu kuukuu mchangani au kwenye nyasi. Jua likiwa zuri, siku moja inatosha. Washiriki walizungumza juu ya "jua moja" kama kipimo cha kazi, na omena iliyohitaji "jua la pili" ilikuwa tayari imeshuka thamani. Adui ni mvua ya alasiri inayotoka upande wa ziwa, kwa sababu inafika wakati omena haijakauka vya kutosha kufungwa kwenye gunia na kupelekwa soko la Kibuye mjini Kisumu.

> "Saa sita jua ni kali, unasema leo nimepona. Saa nane unaona wingu limesimama juu ya ziwa. Hapo kila mtu anakimbia, watoto, hata mwenye hoteli anakuja kutusaidia kukunja nyavu. Ukichelewa kidogo imeloa. Ikiloa inapoteza ule weupe wake, na mama wa Kibuye akiona hivyo hataki hata kuishika." [M05-A, mvua-ghafla]

Iliyoloa haitupwi mara moja. Huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, na washiriki 11 walisema kwamba hapo ndipo wanapouhisi udhaifu wao zaidi. Bei kuwa ndogo waliitarajia. Kilichowauma ni kwamba haki ya kutaja bei inahama.

> "Ile ya watu nauza mimi, nasema gorogoro ni hivi na hivi. Ile ya kuku inapimwa kwa kilo na yule mtu wa kuku ndiye anasema. Anajua huwezi kulala nayo." [M08-A; omena-ya-kuku]

Msimbo wa mahali-pa-kuanika ulijitokeza Ufuo A zaidi. Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, lilimeza eneo la mchanga lililokuwa la wote. Wachuuzi wakahamia kwenye viwanja vya watu.

> "Pale boti zinaegeshwa sasa ndipo tulikuwa tunaanika. Ziwa lilikuja, likachukua, likarudi kidogo tu. Sasa tunaanika kwa ploti ya mtu na tunamlipa kwa siku, jua liwake lisiwake." [M02-A, D, mahali-pa-kuanika]

Maneno "jua liwake lisiwake" yanafanana na ya M12-B kuhusu pesa ya mafuta. Mwenye ploti, sawa na mwenye boti, analipwa kabla haijajulikana siku itakuwaje. Ufuo B bado una nafasi ya bure, na wachuuzi wa huko hawakulalamikia kodi. Malalamiko yao yalikuwa kuhusu mbuzi na bata.

Mshiriki mmoja alitofautiana na wengine wote. M16-B anaanika juu ya kichanja cha waya alichojengewa na mwanawe aliye fundi, na ana turubai la kufunika.

> "Mvua inanipata kama wengine, lakini mimi nafunika naenda zangu nyumbani. Wananicheka eti naanika kama mzungu." [M16-B, mvua-ghafla]

Kama mvua ndiyo ingekuwa mzizi wa hasara, M16-B angepaswa kuwa na nafuu katika mada zote. Haikuwa hivyo. Katika 4.2 alieleza kulipa mapema kwa maneno yale yale ya wenzake, na katika 4.5 deni lake halikuwa dogo. Kichanja kimeokoa omena yake na kuacha mengine kama yalivyokuwa.

4.4 Kipimo cha kununua, kipimo cha kuuza

Mada hii ni fupi kwa kuwa washiriki sita tu ndio waliigusia, na watano kati yao wanauza wenyewe Kibuye. Waliomuuzia broka ufuoni hawakuwa na la kusema kuhusu kipimo, maana broka huja na mizani yake.

> "Kwa boti besheni inajazwa na maji yake ndani, unanunua na maji. Ukifika Kibuye mteja anataka gorogoro ijae mpaka imwagike, halafu anasema, mama, niongeze." [M09-A, kipimo]

Kwa hiyo mchuuzi hupunjwa ncha zote mbili. M09-A alilisimulia akicheka, na sikuona dalili kwamba analihesabu kama hasara. Alisema ndiyo biashara.

4.5 Deni linalobaki

Nilipouliza "hasara yako ya mwisho ilikuwa nini", nilitarajia kutajiwa magunia au shilingi. Washiriki saba walijibu kwa kutaja siku ya wiki.

> "Hasara ya omena siyo omena. Omena imeoza, nimemwaga, imekwisha. Hasara ni Alhamisi, wakati chama wanakaa na mimi sina." [M07-A; zamu-ya-chama]

Chama ndicho kilichompa mtaji wa kulipia mafuta ya boti. Akikosa kutoa zamu yake anapoteza heshima, na baadaye anapoteza mkopo wa safari nyingine. Ili asikose, anakopa kwa simu.

> "Nilikopa kwa simu nilipe chama, halafu nikakopa kwa chama nilipe simu. Ukiniuliza sasa nadaiwa na nani, nitakwambia ngoja kwanza." [M13-B, D, deni-kwa-deni]

Miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, ilitajwa hapa na wanne, kwa kuwa deni haliendi likizo na ziwa.

Msimbo wa mwisho, hasara-ni-yako, ulikusanya majibu ya swali moja: mvua ikiharibu omena ambayo hujaimalizia kulipa, mwenye boti hufanya nini?

> "Mwenye boti hana habari na mvua. Yeye alikupa omena, siyo?" [M01-A, hasara-ni-yako]

Washiriki kumi walijibu kwa maana hiyo hiyo. Wawili walijibu tofauti.

> "Wangu tukipata mvua mbaya ananiambia lipa nusu, nusu tutaongea. Lakini huyo ni shemeji yangu, ameoa dada yangu." [M04-A, hasara-ni-yako]

Wa pili, M15-B, ananunua kwa kaka yake na hulipa akishauza. Hakuna mshiriki aliyeeleza makubaliano ya namna hiyo na mwenye boti asiye jamaa, wakiwemo wale walionunua nyavu za boti hizo.