Muhtasari wa SLA ya laini zetu za intaneti: Kampala, Malaba na Busia

Bosi, nimesoma SLA yote, yaani mkataba wa viwango vya huduma, pamoja na viambatisho vyake 3, na hapa nakuwekea yale ya kujua kabla hujakaa na kampuni ya intaneti Alhamisi. Kwa kifupi namba zenyewe ni nzuri, shida iko kwenye namna wanavyozipima, na bila kubadilisha hapo hata zile krediti wanazotuahidi, yaani punguzo la ada wakifeli, hatutaziona.

Mkataba ni wa miezi 24, ada ni shilingi 5,400,000 kwa mwezi kabla ya VAT: Kampala 2,400,000, Malaba 1,800,000, Busia 1,200,000. Kila ofisi inahesabiwa peke yake, na hilo ni zuri, maana Malaba ikizima haifichwi na Kampala iliyo sawa.

Viwango walivyoahidi

- Uptaimu, yaani muda laini inakuwa hewani: 99.5% kwa kila ofisi
- Muda wa ping hadi UIXP, kituo mitandao ya Uganda inapokutana: Kampala chini ya milisekunde 10, mpakani chini ya 30
- Pakiti kupotea: chini ya 1%
- Spidi: angalau 90% ya tunayolipia
- Tiketi ya P1 (laini imekufa kabisa): wajibu ndani ya dakika 15, warudishe huduma ndani ya saa 4 Kampala na saa 8 Malaba na Busia
- P2 (iko lakini inasuasua): wajibu ndani ya saa 1, wamalize ndani ya saa 24

P3 ni maombi madogo madogo kama kubadilisha seting, siku 3 za kazi, haina neno.

Angalia kitu kimoja hapo, krediti zinatoka kwa uptaimu tu. Wakichelewa kurudisha huduma, ping ikipanda, spidi ikianguka hadi nusu kwa wiki nzima, hakuna senti. Ni ahadi tu hizo.

Wanapima vipi

Hapa ndipo nimekaa sana. Hesabu yenyewe ni ya kawaida:

```
uptaimu % = (dakika zote - dakika za kukatika) / dakika zote x 100
```

Sasa swali ni dakika zote za muda gani. Kifungu cha 6 kinasema mwezi, lakini kiambatisho cha 2 kinasema robo mwaka, na huko nyuma kabisa kifungu cha 21 kinasema vikigongana kiambatisho ndicho kinashinda. Yaani ni robo mwaka. Kwa mwezi wa siku 30, 99.5% inawaruhusu kukatika saa 3 na dakika 36. Kwa robo ya siku 90 inawaruhusu saa 10 na dakika 48, na wanaweza kuzimaliza zote siku moja. Chukulia Malaba izime saa 9 mfululizo, malori yamejipanga na vijana hawawezi kuingia kwenye mfumo wa forodha wa ASYCUDA: kwa hesabu ya mwezi wamepata 98.75% na tunawadai radhi na pesa, kwa hesabu ya robo, kama hakujatokea kingine, wamepata 99.58% na wamefaulu.

La pili, saa inaanza kuhesabu pale sisi tunapofungua tiketi, sio pale laini inapokufa. Raota iliyo ofisini kwetu wanaiuliza kwa SNMP kila dakika 5, kwa hiyo wanajua imekufa kabla yetu, lakini hiyo rekodi yao haihesabiki bila tiketi. Ikizima saa nane usiku na mtu wa zamu akafungua tiketi saa kumi na mbili asubuhi, masaa manne yamekwenda bure. Na mpaka wa Malaba unafanya kazi saa 24, usiku kwetu sio usiku.

La tatu ni yale wanayoyatoa kwenye hesabu:
matengenezo waliyotangaza saa 48 kabla (Jumapili saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, yasizidi masaa 8 kwa mwezi, hiyo naikubali), umeme wa upande wetu, amri ya serikali ya kuzima intaneti kama ile ya nchi nzima Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na "kukatwa kwa faiba na mtu wa tatu". Hii ya mwisho ndiyo sumu. Faiba ya kwenda mpakani inakatwa na akina nani kama sio wachimba barabara na mabomba? Ukitoa hizo, kinachobaki cha kuhesabu ni kidogo mno. Kama wanataka ibaki basi waseme saa 6 za kwanza tu ndizo hazihesabiki, zaidi ya hapo ni juu yao, kwa sababu kuwa na njia ya pili ya faiba ni kazi yao.

Ripoti wanaleta wenyewe, na hakuna mahali pamesema ya kwetu itakubalika. Mimi nashauri tuweke kimashine kidogo kila ofisi kinachopiga ping kwenye raota yao ya mwisho, sio kwa Google, ili wasije wakasema tatizo liko nje ya mtandao wao:

```
ping -D -O -i 30 10.20.30.1 >> malaba.log
```

Krediti

Uptaimu kati ya 99.0% na chini ya 99.5% ni 5% ya ada ya ofisi hiyo, kati ya 98.0% na chini ya 99.0% ni 10%, chini ya 98.0% ni 20%. Ada wanayotumia ni ya mwezi mmoja, hata kama wamepima robo nzima! Kwa hiyo Malaba ikiharibika vibaya kabisa robo yote, tunapata 360,000. Inakatwa kwenye ankara inayofuata, haitolewi kama pesa, na lazima tuidai kwa imeli ndani ya siku 15 baada ya robo kuisha, tukilala imepotea. Pia wameandika krediti ndiyo fidia pekee, hatuwezi kudai hasara nyingine.

Kutoka

Tunaweza kuvunja bila faini kwa ofisi husika tu, kama imefeli robo 2 mfululizo na wakashindwa kurekebisha ndani ya siku 30 baada ya notisi, au ikizima saa 72 mfululizo. Piga hesabu hiyo ya kwanza, ni miezi 7 ya kuteseka. Tuombe iwe miezi 3 yoyote ndani ya 6, na ofisi 2 zikifeli tuwe huru kuvunja mkataba wote.

Tukitoka bila sababu tunalipa 50% ya ada zilizobaki. Tukiondoka mwisho wa mwezi wa 10 wa mkataba, imebaki 14, hiyo ni shilingi 37,800,000. Mkataba unajirefusha wenyewe miezi 12 kama hatujaandika notisi siku 60 kabla haujaisha, hii nitaiweka kwenye kalenda yako na ya mhasibu. Raota ni zao tunazirudisha, IP za umma pia ni zao, kwa hiyo VPN na kamera itabidi tuzipange upya. Wanatuachia laini ikifanya kazi siku 30 za kuhama kwa ada ileile. Ugomvi unaenda kwa msuluhishi Kampala, sheria za Uganda.

Kwa hiyo Alhamisi usitoke bila haya: mwezi badala ya robo, saa ianze kwenye rekodi yao ya SNMP, na hiyo ya faiba. Wakibana sana kwenye asilimia za krediti waachie tu, 5% ya Busia ni shilingi 60,000. Nakala niliyopigia mistari iko mezani kwako, kurasa za 9, 17 na 31.