Vita vya Kwanza vya Dunia: Sababu za Msingi, Sababu za Karibu na Kichocheo

Makala ya kusoma kabla ya semina ya wiki ya nne

Wanafunzi wengi wanapoulizwa kwa nini vita vilizuka mwaka 1914 hutaja mambo manne au matano kwa mfululizo: ushirikiano wa kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa, na mwishoni kabisa mauaji ya Sarajevo. Kila moja ya mambo hayo lina ukweli wake. Tatizo ni kwamba yakipangwa hivyo yanaonekana kuwa na uzito na kazi ileile, ilhali kila aina ya sababu hujibu swali lake. Sababu za msingi hueleza kwa nini vita kati ya madola makubwa viliwezekana kwa miaka mingi. Sababu za karibu hueleza kwa nini hali ilifikia ukingoni katika kipindi fulani. Kichocheo hueleza kwa nini mambo yalianza kwenda siku ile na si nyingine.

Tuanze na sababu za msingi. Baada ya ushindi wa Prussia na washirika wake wa Kijerumani dhidi ya Ufaransa mwaka 1871, Ujerumani ilichukua Alsace na sehemu ya Lorraine, na Ufaransa haikuukubali upotevu huo moyoni. Mwaka 1879 Ujerumani na Austria-Hungaria zilifunga mkataba wa kusaidiana, na Italia ikajiunga nazo mwaka 1882. Ufaransa na Urusi zilijibu kwa mkataba wao wa kijeshi uliokamilika mwaka 1894, kisha Uingereza ikamaliza migogoro yake ya makoloni na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907. Wakati huohuo Ujerumani ilikuwa ikijenga jeshi la majini ambalo Uingereza ililiona kuwa tishio, hasa baada ya manowari Dreadnought kuzinduliwa mwaka 1906. Ongeza hapo utaifa wa Waslavi wa Kusini, ambao kwa dola la Austria-Hungaria, lenye mataifa mengi ndani yake, lilikuwa suala la uhai na kifo.

Hata hivyo, nyingi ya hali hizi zilikuwapo mwaka 1905, zote zilikuwapo mwaka 1911, na vita vya madola makubwa havikutokea. Migogoro miwili ya Moroko ilimalizwa mezani. Vita viwili vya Balkani vya mwaka 1912 na 1913 vilimwaga damu nyingi, lakini madola makubwa hayakuingia. Mashindano ya majini yenyewe yalikuwa yamepungua makali kabla ya mwaka 1914. Mikataba nayo haikuwa minyororo: Italia, mshirika wa Ujerumani na Austria-Hungaria kwa zaidi ya miaka 30, ilitangaza kutofungamana na upande wowote vita vilipoanza, na mwaka 1915 ikapigana upande wa pili. Mwandishi anayesema kwamba mikataba iliziburuta nchi zote vitani ana wajibu wa kueleza kwa nini haikuiburuta Italia. Kwa hiyo, tunaposema sababu ya msingi, tunamaanisha hali iliyopunguza njia za kutokea na kuongeza hatari, bila kulazimisha tokeo lenyewe.

Kichocheo ndicho rahisi zaidi kukitambua, na ndicho kinachopotosha zaidi. Tarehe 28 Juni 1914, huko Sarajevo, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie walipigwa risasi na Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia mwenye umri wa miaka 19. Asubuhi hiyohiyo mwenzake Princip alikuwa ametupa bomu na kumkosa mrithi huyo. Baadaye dereva wa msafara alikata kona isiyotakiwa, gari likasimama karibu na mahali alipokuwa Princip. Bahati ilikuwa na nafasi kubwa katika tukio hilo. Lakini rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, aliuawa na Mwitalia mwaka 1894, na malikia Elisabeth wa Austria aliuawa na Mwitalia mwaka 1898, na hakuna aliyeishambulia Italia. Mauaji ya mtu mkubwa, peke yake, hayaleti vita. Kilichoyapa mauaji ya Sarajevo nguvu ya kichocheo ni matumizi ambayo serikali ziliamua kuyafanyia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sababu za karibu, na hapa ndipo ninapowaomba mkae muda mrefu zaidi, kwa sababu majibu mengi ya mtihani huruka kutoka Sarajevo hadi mizinga ya Agosti kana kwamba wiki tano za katikati hazikuwapo. Tarehe 5 na 6 Julai, Kaiser Wilhelm wa Pili na kansela wake Bethmann Hollweg waliiahidi Austria-Hungaria kuiunga mkono katika hatua yoyote itakayochukua dhidi ya Serbia, nchi ambayo Austria-Hungaria iliilaumu kwa mauaji hayo. Tarehe 23 Julai, baada ya kusubiri rais wa Ufaransa amalize ziara yake Urusi ili washirika hao wawili wasiweze kushauriana ana kwa ana, Austria-Hungaria iliikabidhi Serbia hati ya masharti na kuipa saa 48. Serbia ilikubali sehemu kubwa ya masharti hayo, lakini ikakataa maofisa wa Austria-Hungaria washiriki katika uchunguzi wa mahakama ndani ya ardhi yake. Wilhelm alipoyasoma majibu hayo asubuhi ya tarehe 28 Julai aliandika kwamba sababu yote ya kupigana ilikuwa imeondoka. Siku hiyohiyo Austria-Hungaria ilitangaza vita.

Urusi, iliyokuwa ikiiunga mkono Serbia, iliamuru majeshi yake yote yakusanywe tarehe 30 Julai. Ujerumani, ambayo mpango wake wa kivita ulitegemea kuipiga Ufaransa haraka kabla Urusi haijawa tayari, ilitangaza vita dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti na dhidi ya Ufaransa tarehe 3, kisha ikaingia Ubelgiji tarehe 4 ili kuifikia Ufaransa. Uingereza, iliyokuwa miongoni mwa wadhamini wa kutofungamana kwa Ubelgiji tangu mkataba wa mwaka 1839, ikaingia vitani siku hiyo.

Mfano wa cheche na pipa la baruti umezoeleka sana, nami ninashauri msiutumie. Baruti haiamui, mawaziri na majenerali waliamua, wakiwa na taarifa pungufu na hofu ya kweli, lakini waliamua. Mfano huo unawaondolea wajibu. Pia unaficha namna ngazi hizi tatu zinavyoingiliana: mpango wa Ujerumani ulioandaliwa miaka mingi kabla ni hali ya msingi, lakini ulifanya kazi ya sababu ya karibu pale ulipogeuza kila siku ya kuchelewa kuwa hasara ya kijeshi.

Kwa ajili ya semina, kila mmoja achague uamuzi mmoja uliofanywa kati ya tarehe 5 Julai na 4 Agosti 1914. Aeleze katika kurasa mbili ni hali gani ya msingi iliyoufanya uonekane wa busara kwa walioufanya, ni njia gani nyingine waliyokuwa nayo mezani, na kama vita vingeweza kubaki kati ya Austria-Hungaria na Serbia endapo wangeifuata.